Njia zilizoandikwa au seti zilizopachikwa: kuhifadhi mti unaosomwa mara nyingi na kubadilishwa mara chache

Mtu anapotaka kuhifadhi mti ndani ya jedwali la kanzidata, hatua ya kwanza huwa ni kuweka safu moja inayotaja mzazi wa kila nodi. Hiyo inatosha kuandika, lakini kusoma tawi zima kunahitaji kupanda au kushuka ngazi moja baada ya nyingine, na pale ambapo ukurasa mmoja unasomwa mara maelfu kwa kila badiliko moja, kazi hiyo hurudiwa bila sababu. Ndipo mbinu mbili zinapokuja mezani. Ya kwanza ni njia zilizoandikwa, ambapo kila nodi hubeba maandishi ya njia yake yote kutoka kwenye mzizi. Ya pili ni seti zilizopachikwa, ambapo kila nodi hupewa namba mbili, ya kushoto na ya kulia, na namba za wazao wote huangukia katikati ya namba za mhenga wao.

Ushauri unaosikika zaidi ni kwamba kama usomaji unazidi uandishi kwa mbali, basi chagua seti zilizopachikwa na uache kuhangaika. Nimeufuata ushauri huo na nimeujutia, na pia nimeona mahali ambapo ulikuwa sahihi kabisa. Tatizo lake ni kwamba unahesabu mabadiliko bila kuuliza kila badiliko linagusa nini.

## Mti wa mfano

Tuchukue orodha ndogo ya vipuri yenye nodi 8, ili hesabu zote ziweze kufanywa kwa kidole. Katika makala hii nitaita kila ingizo la jedwali mstari, na kila sifa yake safu.

```
id  jina      mzazi_id  njia       lft  rgt
1   Vipuri    -         1/           1   16
2   Injini    1         1/2/         2    9
4   Pistoni   2         1/2/4/       3    6
8   Ringi     4         1/2/4/8/     4    5
5   Vali      2         1/2/5/       7    8
3   Breki     1         1/3/        10   15
6   Pedi      3         1/3/6/      11   12
7   Diski     3         1/3/7/      13   14
```

Namba za `lft` na `rgt` hupatikana kwa kuutembea mti kutoka mzizini, ukiingia kila tawi hadi mwisho kabla ya kwenda tawi linalofuata: unapoingia kwenye nodi unaandika namba ya kushoto, unapotoka unaandika ya kulia, na kihesabio kinasonga kila mara. Nodi 8 hutumia namba 1 hadi 16 bila pengo.

Nimeiacha safu ya `mzazi_id` katika mbinu zote mbili kwa makusudi. Ndiyo inayojibu swali la watoto wa moja kwa moja kwa wepesi, na ndiyo chanzo cha ukweli: njia na namba zikiharibika, zote mbili zinaweza kujengwa upya kutoka kwake. Anayeiondoa ili kuokoa nafasi anaokoa baiti chache kwa kila mstari na kupoteza njia ya kurudi.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima mbinu hizi kwa mambo matano. La kwanza ni kusoma kuelekea chini, yaani nodi pamoja na wazao wake wote. La pili ni kusoma kuelekea juu, yaani wahenga wa nodi moja. La tatu ni mpangilio wa nodi zinapotoka. La nne ni kile ambacho badiliko moja linagusa, na hapo nitakaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo uamuzi mwingi unapofanyika hata kwa mfumo unaobadilika kwa nadra. La tano ni namna kila mbinu inavyoharibika na jinsi ya kugundua. Mifano ya SQL imeandikwa kwa PostgreSQL, nami nitataja pale ambapo kanzidata nyingine inatofautiana kwa jambo lenye uzito.

## Kusoma kuelekea chini

Hapa watu wengi hutarajia tofauti kubwa, na kwa kweli haipo. Swali la tawi la Injini kwa kila mbinu ni hili:

```sql
SELECT * FROM aina WHERE njia LIKE '1/2/%';
SELECT * FROM aina WHERE lft BETWEEN 2 AND 9;
```

Yote mawili ni kusoma kipande kimoja kisichokatika cha indeksi. Seti zilizopachikwa zina faida ya kuwa namba mbili ni ndogo na upana wao haubadiliki, ilhali njia ya ngazi 7 yenye vitambulisho vya tarakimu 5 hufika herufi 40 hivi. Katika mti wenye makumi ya maelfu ya nodi indeksi zote mbili hukaa kwenye kumbukumbu bila taabu, na mtumiaji hawezi kuhisi tofauti. Mti ukiwa na ngazi mamia, hali ni nyingine, kwa kuwa njia hurefuka kwa kila ngazi na hatimaye hugonga ukomo wa urefu wa ingizo la indeksi, wakati namba mbili hazijali kina hata kidogo.

Faida halisi ya seti zilizopachikwa katika usomaji huu ni kwamba zinajibu baadhi ya maswali bila kusoma tawi lenyewe. Idadi ya wazao wa Injini ni `(9 - 2 - 1) / 2`, yaani 3, na nodi ni jani pale tu ambapo `rgt = lft + 1`. Kama kila ukurasa wako unaonyesha idadi ya vijitawi kando ya kila jina, jibu liko tayari ndani ya mstari ulioshikilia.

Njia zilizoandikwa nazo zina masharti mawili ambayo wengi huyakanyaga. Sharti la kwanza ni mkwaju wa mwisho. Njia ikihifadhiwa kama `1/2` bila mkwaju, swali la `LIKE '1/2%'` litaleta pia nodi ya `1/20` na tawi lake lote, na kosa hili halionekani mpaka mti upate kitambulisho cha pili kinachoanza na tarakimu zilezile. Sharti la pili ni kanuni ya kupanga herufi. PostgreSQL hutumia indeksi ya kawaida kwa `LIKE` ya mwanzo wa neno pale tu ambapo safu inapangwa kwa kanuni ya `C`, au pale ambapo indeksi imeundwa kwa `text_pattern_ops`. Njia rahisi ni kuitangaza safu yenyewe hivi:

```sql
njia text COLLATE "C" NOT NULL
```

Namna ya kujua kama imefaulu ni kuendesha `EXPLAIN` juu ya jedwali lenye data ya kutosha. Ukiona `Index Cond` yenye `njia >= '1/2/'` na `njia < '1/20'`, kila kitu kiko sawa: kanzidata imeigeuza `LIKE` kuwa masafa, kwa kuwa katika msimbo wa ASCII herufi inayofuata mkwaju ni sifuri. Ukiona `Seq Scan` kwa tawi dogo, jedwali lote linasomwa kila mara. Kwa SQLite mtego ni mwingine: `LIKE` yake haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo haitumii indeksi ya kawaida mpaka uibadilishe tabia hiyo au utumie `GLOB`.

Uchunguzi huo wa sifuri una kazi nyingine. Unapounganisha jedwali na lenyewe, kwa mfano ili kuhesabu wazao wa kila nodi kwa mkupuo, sharti la `c.njia LIKE p.njia || '%'` haliwezi kutumia indeksi, kwa sababu kigezo hakijulikani wakati mpango wa utekelezaji unapoundwa. Liandike kama masafa, yaani `c.njia >= p.njia` na `c.njia < rtrim(p.njia, '/') || '0'`, na indeksi itarudi kazini. Kwa seti zilizopachikwa sharti la `c.lft BETWEEN p.lft AND p.rgt` ni masafa tangu mwanzo, na hicho ni kimojawapo cha sababu zinazowafanya waandishi wa ripoti wazipende.

## Kusoma kuelekea juu

Kila ukurasa wenye mstari wa urambazaji juu yake, ule unaosema Vipuri, Injini, Pistoni, Ringi, unauliza swali hili, kwa hiyo katika mifumo mingi ndilo swali linalorudiwa kuliko mengine yote.

Kwa njia zilizoandikwa jibu liko ndani ya maandishi. Njia ya Ringi ni `1/2/4/8/`. Programu inaikata kwenye mikwaju, inapata 1, 2 na 4, na kilichobaki ni kuchukua mistari 3 kwa ufunguo wake mkuu. Hakuna utafutaji wa kweli unaofanyika.

Kwa seti zilizopachikwa swali ni hili:

```sql
SELECT * FROM aina WHERE lft < 4 AND rgt > 5 ORDER BY lft;
```

Linasomeka vizuri, na majibu yanakuja yakiwa yamepangwa kutoka mzizini. Lakini indeksi ya kawaida inaweza kubana upande mmoja tu wa sharti hili. Kwa Ringi, ambayo iko karibu na mwanzo wa mti, mistari yenye `lft < 4` ni michache. Kwa Diski, sharti la `lft < 13` linakubali mistari yote ya jedwali isipokuwa Diski yenyewe, na kila mmoja lazima upimwe `rgt` yake. Katika mti wa nodi 60,000, ukurasa wa nodi iliyo mwishoni unapitia karibu indeksi nzima ili kupata wahenga 6. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: kurasa za matawi ya mwanzo hufunguka haraka, za matawi ya mwisho hukawia, na anayepima kwa nodi ya kwanza iliyomjia mkononi haoni chochote.

Tiba ipo. PostgreSQL inaruhusu indeksi ya GiST juu ya `int4range(lft, rgt, '[]')`, na swali la masafa yapi yana namba 4 hujibiwa nayo bila kupitia jedwali. Njia nyingine, ambayo ndiyo ninayoiona zaidi, ni kupanda kwa `mzazi_id`, kwa sababu ngazi 6 ni hatua 6 tu. Atakayechagua seti zilizopachikwa aamue hili siku ya kwanza.

## Mpangilio

Katika kigezo hiki seti zilizopachikwa zinaongoza waziwazi. `ORDER BY lft` hutoa mti mzima kwa mpangilio wa kuonyeshwa, mzazi kabla ya watoto, na ndugu kwa utaratibu wowote ambao mhariri aliuchagua, kwa kuwa utaratibu huo umo ndani ya namba zenyewe.

Njia zenye vitambulisho hutoa mzazi kabla ya watoto, lakini ndugu hupangwa kama maandishi, hivyo `1/10/` hutangulia `1/2/`. Ukivijazia vitambulisho sifuri mbele ili vilingane urefu, ndugu watapangwa kwa umri wa kuingizwa, jambo ambalo kwa kawaida hakuna aliyeliomba. Maktaba ya `django-treebeard`, ambayo inatoa mbinu zote mbili, hulitatua hili kwa kutotumia vitambulisho kabisa: kila hatua ya njia ni herufi 4 zinazoonyesha nafasi ya nodi kati ya ndugu zake, kutoka katika alama 36, na njia yote ina ukomo wa kawaida wa herufi 255, yaani ngazi 63. Mpangilio unakuwa sahihi, lakini kuna bei: kuingiza nodi katikati ya ndugu kunabadilisha njia za ndugu wanaofuata na wazao wao. Kwa maneno mengine, unanunua faida ya seti zilizopachikwa kwa kipande cha hasara yao. Kama ndugu hupangwa kwa jina au kwa safu ya nafasi iliyo pembeni, na tawi linaloonyeshwa kwa mara moja ni dogo, ni nafuu kuupanga mti ndani ya programu baada ya kuusoma.

## Badiliko moja linagusa nini

Tuongeze nodi ya Gasketi chini ya Injini, baada ya Vali. Kwa njia zilizoandikwa tunaingiza mstari mmoja wenye njia ya `1/2/9/`, na mistari mingine 8 haijui kwamba kuna kilichotokea.

Kwa seti zilizopachikwa Gasketi inachukua namba 9 na 10, na kila namba iliyokuwa 9 au zaidi inasogezwa kwa 2. Injini inakuwa 2 hadi 11, Breki 12 hadi 17, Pedi 13 hadi 14, Diski 15 hadi 16, na Vipuri 1 hadi 18. Mistari 5 kati ya 8 imeandikwa upya kwa ajili ya nodi moja.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye mti wa nodi 60,000. Kuingiza mahali pa kubahatisha kunagusa kama nusu ya jedwali, yaani mistari 30,000 hivi. Kwa kuwa safu zinazobadilika zina indeksi, PostgreSQL haiwezi kutumia njia yake ya mkato ya kuliweka toleo jipya la mstari bila kugusa indeksi. Kila mmoja wa mistari hiyo unapata toleo jipya jedwalini na ingizo jipya katika kila indeksi, ikiwemo ile ya ufunguo mkuu ambao haukubadilika. Mistari mfu 30,000 inabaki nyuma. Kwa mipangilio ya kawaida usafishaji wa moja kwa moja huanza mistari mfu inapozidi 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali, ambayo hapa ni 12,050, kwa hiyo nodi moja mpya inatosha kuliita fagio. Na kama una seva nakala za kusomea, mabadiliko hayo yote 30,000 lazima yasafirishwe hadi kwao kabla hazijalingana na seva kuu.

Je, hayo ni mabaya? Yakitokea mara moja usiku, hata kidogo. Yakitokea mara 40 kati ya saa nne na saa sita mchana kwa sababu ndio wakati wahariri wanafanya kazi, uwiano wa kusoma na kuandika bado utaonekana mzuri sana kwenye takwimu, huku watumiaji wakilalamika.

Lakini gharama ya kuandika si jambo lililonitesa mimi. Mfumo niliokuwa nikiutunza ulikuwa na katalogi ya aina hii, na kwa kuwa usomaji ulikuwa mwingi tulifanya ambalo kila mtu hufanya: tuliweka nodi kwenye kache, pamoja na `lft` na `rgt` zake. Tuone kilichotokea kwa kutumia mti wetu mdogo. Kache inasema Breki ni 10 na 15. Mhariri anaongeza Gasketi chini ya Injini. Hakuna aliyeigusa Breki, kwa hiyo hakuna aliyeifuta kwenye kache. Msomaji anafungua ukurasa wa Breki, na programu inauliza wazao kwa namba za zamani:

```sql
SELECT * FROM aina WHERE lft > 10 AND lft < 15;
```

Majibu ni Breki yenyewe, ambayo sasa ina `lft` ya 12, na Pedi. Diski imepotea, na Breki imejiorodhesha chini yake mwenyewe. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye logi, kwa kuwa swali ni halali na namba ni halali. Ni za mti uliokuwepo dakika tano zilizopita. Tulitumia siku mbili tukiwatuhumu wahariri kwamba wanahamisha nodi kimakosa.

Hata bila kache, tatizo hilohilo linaweza kupenya kwenye upenyo mdogo. Katika kiwango cha kawaida cha miamala cha PostgreSQL kila swali huona hali ya data ya wakati swali hilo lilipoanza. Ukurasa ukisoma namba za nodi kwa swali la kwanza na wazao kwa swali la pili, muamala wa mhariri unaweza kukamilika katikati. Dawa ni kuunganisha mawili hayo kuwa swali moja, au kuyafunga yote ndani ya muamala wa `REPEATABLE READ`.

Kwa hiyo tofauti ambayo ningependa msomaji aishike ni hii: katika seti zilizopachikwa namba za nodi hubadilika kwa sababu ya majirani, na katika njia zilizoandikwa kwa vitambulisho, njia ya nodi hubadilika pale tu nodi hiyo au mhenga wake anapohamishwa. Njia inaweza kukaa kwenye kache, kwenye anwani au kwenye foleni ya kazi kwa muda mrefu na bado ikawa kweli. Namba mbili ni kweli kwa muda wa swali moja tu.

Njia nazo zina siku yao mbaya, na ni siku ya kuhamisha tawi. Kuipeleka Pistoni chini ya Breki kunaandika upya njia ya kila mzao wake:

```sql
UPDATE aina
SET njia = '1/3/4/' || substr(njia, length('1/2/4/') + 1)
WHERE njia LIKE '1/2/4/%';
```

Pamoja na hilo, `mzazi_id` ya Pistoni inabadilishwa kuwa 3 ndani ya muamala uleule. Hapa mistari ni 2, lakini tawi lenye nodi 5,000 litaandika mistari 5,000. Kwa seti zilizopachikwa uhamisho hugusa kila nodi iliyo kati ya mahali pa zamani na papya, pamoja na tawi lenyewe, hivyo kuhama kwa jirani wa karibu kunaweza kuwa nafuu na kuhama kutoka upande mmoja wa mti hadi mwingine kukagusa karibu wote. Wanaohamisha matawi makubwa mara kwa mara hawatapata raha katika mbinu yoyote kati ya hizi.

## Kuharibika na kugundua

Seti zilizopachikwa huharibika pale waandishi wawili wanapokutana. Wote wawili wanasoma kwamba `rgt` ya Injini ni 9, wote wanahesabu ndani ya programu kwamba nodi mpya itachukua 9 na 10, na mwishowe nodi mbili zinakuwa na namba zilezile. Kuanzia hapo kila badiliko linalofuata linajengwa juu ya msingi uliopinda, na uharibifu unaonekana kwenye matawi yasiyohusika. Kizuizi cha upekee juu ya `lft` kingelikamata kosa hilo, ila ukikiweka kwa namna ya kawaida kitakataa hata usogezaji halali, kwa sababu hukaguliwa mstari kwa mstari wakati namba zikiwa bado zinapishana. Kitangaze kuwa `DEFERRABLE` ili kikaguliwe mwishoni mwa amri. Ukaguzi wa haraka wa kila usiku ni huu:

```sql
SELECT count(*), min(lft), max(rgt) FROM aina;
```

Kama namba hazina mapengo, `max(rgt)` lazima iwe mara mbili ya idadi ya mistari. Ukaguzi huu haukamati kila kosa, lakini usipopita, hakuna haja ya kuangalia zaidi: jenga upya kutoka kwenye `mzazi_id`.

Njia huharibika pale nodi inapoongezwa chini ya tawi linalohamishwa wakati huohuo. Mwandishi mmoja anasoma `1/2/4/`, mwingine anaihamisha Pistoni, na mtoto mpya anaingia na njia ya mzazi asiyekuwepo tena mahali pale. Tofauti ni kwamba ubovu unabaki kwa mtoto huyo na watakaozaliwa chini yake, na swali moja linamtaja mtoto huyo kwa kitambulisho:

```sql
SELECT c.id FROM aina c JOIN aina p ON p.id = c.mzazi_id
WHERE c.njia <> p.njia || c.id || '/';
```

Mtu anaweza kujaribu kuzuia hali hizi kwa kufunga mstari wa mzazi, lakini mantiki yake ina mianya mingi kuliko inavyoonekana, hasa mtoto anapoongezwa ngazi kadhaa chini ya nodi inayohama. Hapa ndipo uchache wa mabadiliko unapokusaidia kweli: kwa kuwa waandishi ni wachache, wapange foleni. Kufuli moja kwa mti mzima, mathalani `pg_advisory_xact_lock` inayochukuliwa mwanzoni mwa kila muamala wa kuandika kabla ya kusoma chochote, haiwagusi wasomaji hata kidogo na inaondoa makosa yote mawili.

## Ipi kwa hali ipi

Kama mti wako hubadilika kwa mkupuo, kwa mfano unapokelewa kutoka mfumo mwingine kila usiku na hauguswi hadi usiku unaofuata, seti zilizopachikwa zinakufaa sana. Hesabu namba zote upya kwa kuutembea mti mara moja, ziandike ndani ya muamala mmoja, futa kache nzima, na hasara zote nilizozieleza hazitakufikia. Ni hivyohivyo kwa kanzidata ya ripoti, ambapo jedwali kubwa la miamala linaunganishwa na mti ili kujumlisha kwa kila ngazi: masafa ya namba ni mepesi, na hesabu ya wazao ni ya bure.

Kama mabadiliko ni machache lakini yanafanywa na watu wakati wasomaji wako mtandaoni, na hasa kama kuna kache au seva nakala katikati, mimi ningeanza na njia zenye vitambulisho, kanuni ya `C`, mkwaju wa mwisho, na safu ya pembeni kwa ajili ya mpangilio wa ndugu. Kwenye PostgreSQL kiendelezi cha `ltree` kinafanya kazi hiyohiyo na kinaongeza indeksi inayojibu maswali ya juu na ya chini. Kinachopotea ni urahisi wa kuhamia kanzidata nyingine.

Kama ndugu lazima wapangwe kwa mkono na mti mzima huonyeshwa kwa pamoja, kama ilivyo kwa yaliyomo ya mwongozo mrefu, seti zilizopachikwa zinavutia tena, mradi mti uwe mdogo au ugawanywe. Kugawa kunamaanisha kuipa kila nodi ya juu mti wake wenye namba zake zinazoanzia 1, pamoja na safu inayotaja ni mti upi. Hapo badiliko ndani ya mwongozo mmoja haliwezi kusogeza namba za mwingine. Mwongozo wa nodi 300 utaandika upya mistari 150 hivi kwa kila nyongeza, na hilo halina uzito. Onyo la kache linabaki palepale, ila sasa unajua cha kufuta: mti huo wote, kwa mkupuo.

Kama mti una kina kisichotabirika, mathalani majibu yanayojibu majibu kwa ngazi mamia, pima urefu wa njia ndefu zaidi kabla ya kuamua. Ingizo la indeksi ya kawaida ya PostgreSQL halivuki baiti 2,700 hivi, na kwa jedwali la InnoDB la mtindo wa `DYNAMIC` ukomo ni baiti 3,072. Ikiwa data ya aina hiyo pia huongezeka kila dakika, basi sharti la kusoma mara nyingi na kuandika mara chache halipo tena, na ulinganisho huu hauihusu.

Na kwa aliyekwisha kujenga kwa mbinu moja na anashuku alikosea, kuhama si kazi kubwa ikiwa `mzazi_id` ipo: ongeza safu za mbinu ya pili, zijaze kutoka kwa wazazi, ziendeshe zote pamoja kwa wiki moja huku ukilinganisha majibu ya maswali kumi yanayotumika zaidi, kisha ondoa zile za zamani pamoja na indeksi zake.